Magunia Mawili ya Ngege

Friza ya Mwanaisha ilisimama kwenye kijia kati ya jiko na chumba cha watoto, kwa kuwa nyumba haikuwa na mahali pengine pa kuiweka. Ilikuwa boizi kota ya zamani, vyumba viwili nyuma ya bangalo kubwa pale Nalufenya, si mbali na wodi ya watoto ya hospitali. Tangu hoteli aliyokuwa keshia ilipofunga milango, friza ndiyo iliyoilisha nyumba. Usiku Mwanaisha aligandisha maji ya pasheni kwenye vifuko vya nailoni, na mchana yeye mwenyewe, au Juma siku asizokwenda shule, aliwauzia waliokuja kuwaona wagonjwa. Pesa za vifuko zilitosha chakula na umeme. Ada na kodi ya nyumba zilikuwa zikiitafuna akiba.

Ijumaa hiyo, barua na magunia vilifika siku moja.

Barua ilitoka shule moja ya bweni upande wa barabara ya Iganga. Walimtaka awe mhasibu msaidizi, ajira ya kudumu, mshahara wa shilingi 900,000 kwa mwezi. Ilitakiwa irudi na sahihi yake Jumatatu kabla ya saa mbili asubuhi, la sivyo nafasi ingekwenda kwa aliyemfuatia. Mwanaisha alisoma mara moja tu, kisha akageuza bahasha na kuanza kupiga hesabu kwa nyuma. Mshahara ukivuka 410,000, kodi ni shilingi 25,000 na juu yake asilimia 30 ya kilichozidi. Kwake hiyo ni 172,000. Asilimia 5 ya NSSF ni 45,000. Kinachobaki mkononi ni 683,000, na mwajiri anamwekea 90,000 nyingine NSSF kwa jina lake. Kodi ya nyumba 250,000. Ada ya Juma aliye kidato cha pili, ada ya Rehema, mafuta, sukari, sabuni. Ilitosha. Haikubaki kitu, lakini ilitosha, na ingetosha hivyohivyo mwezi wa pili na mwezi wa sitini.

Kazi yenyewe aliijua. Aliwahi kuifanya shule nyingine kabla ya hoteli: kupokea risiti za benki kutoka kwa wazazi, kunakili namba, kubandika, kufungua faili, kufunga faili, kumsubiri bwana mkubwa atie sahihi. Miaka minne, na hakumbuki siku hata moja iliyotofautiana na nyingine.

Magunia yaliletwa na Hamisi jioni, juu ya boda, maji ya samaki yakichuruzika hadi mlangoni. Hamisi walisoma pamoja shule ya msingi. Siku hizi alikuwa na vizimba vya samaki kwenye Ghuba ya Napoleon, karibu na mwalo wa Masese, na tangu mwezi uliopita alikuwa akimshawishi Mwanaisha aingie ubia.

"Dada, niokoe," alisema akiyashusha. "Kilo sitini. Hoteli imeahirisha mpaka Jumatatu na barafu ya mwaloni imekwisha. Niwekee kwenye friza siku mbili tu. Na uwaangalie vizuri, maana hawa ndio biashara yako. Kila mmoja nusu kilo."

Kisha akatoa karatasi aliyokuwa ameikunja mara nne. Vizimba sita tayari viko majini. Mwanaisha akitoa milioni 6, vitaongezwa viwili, naye atapata theluthi ya faida ya vyote vinane. Miezi saba tangu kupandikiza vifaranga mpaka kuvuna. Chini kabisa, kwa kalamu nyekundu, Hamisi alikuwa ameandika alichokiita siri ya biashara: kilo 1.4 za chakula zinatoa kilo moja ya samaki.

Milioni 6 alikuwa nazo. Zilikuwa fungu lake la nyumba ya marehemu mama yake kule Mbale, iliyouzwa mwaka uliotangulia, na ndizo zote alizonazo duniani. Hakuwa mtu wa kubahatisha. Lakini Hamisi alishamchukua ziwani mara moja, alfajiri, mtumbwi ukiyumba, na alipoutikisa wavu maji yote ya kizimba yalichemka kwa samaki. Hakuna faili lililowahi kumfanya acheke peke yake namna ile.

Shangazi Hadija alikuwa ameshaingia tangu adhuhuri kwa taksi ya Mbale, na mzigo wa ndizi na kifurushi cha malewa, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa ambayo Wagisu huyapika kwa karanga. Ndugu wote waligombania nyumba ya Mbale isipokuwa yeye, na kwa hiyo Mwanaisha alimheshimu kuliko wote. Alisoma barua. Alisoma karatasi ya Hamisi. Akauliza kitu kimoja tu:

"Nani anashika daftari la huyu kijana?"

"Anasema yote yako kichwani."

"Mali bila daftari, mwanangu," alisema Shangazi, hakuimalizia methali, akaingia jikoni kuloweka malewa yake.

Sasa, friza ya nyumbani imeundwa kutunza kilichokwisha kuganda. Haikuundwa kugandisha kilo sitini za samaki wa joto kwa mpigo. Ukiijaza hivyo, walio kandokando hushikwa na barafu, nao walio katikati hulala wakijipasha joto wao kwa wao, huku mashine ikinguruma usiku kucha bila kupumzika. Mwanaisha aliwapanga kadiri alivyoweza, akatoa vifuko vyake vya pasheni kuwapisha, akageuza kitufe mpaka mwisho. Hakuna aliyekumbuka kutazama mita. Juma alikuwa amepiga pasi sare za wiki nzima jioni ileile, na kwenye Yaka zilibaki yuniti chache.

Rehema ndiye aliyeamka kwanza, usiku wa manane, akitaka maji. Alikanyaga ubaridi wa kijiani, akateleza, akaketi kwenye dimbwi.

"Mama, friza inakojoa!"

Umeme ulikuwa umekwisha, haijulikani tangu saa ngapi. Mwanaisha alinunua tokeni kwa simu palepale. Pesa zikakatwa, ujumbe wa namba haukuja. Akangoja robo saa. Akanunua tena kwa pesa kidogo, hali ikawa ileile. Wakaketi wote wanne gizani kuizunguka ile friza, tochi ya simu imeegemezwa kwenye chupa ya mafuta, kila mtu akimwambia mwenzake asifungue kifuniko, na kila baada ya muda mmoja wao akikifungua ili kuangalia kama kinapaswa kubaki kimefungwa. Namba za tokeni zilikuja adhana ya alfajiri ikimalizika, zote mbili kwa pamoja. Taa zikawaka, friza ikaanza kunguruma, na Shangazi akatia mkono katikati ya rundo.

"Uvuguvugu," alisema. "Zima. Toa wote nje."

Walitandika turubai uani. Mama Tenywa, jirani wa ukuta mmoja, alisikia purukushani akaja na kisu chake mwenyewe bila kuitwa. Alikuwa amebanika na kukausha samaki Masese miaka mingi kabla ya miguu kumsumbua, na alipochuchumaa mbele ya turubai hakuna aliyebaki na shaka nani mkubwa wa kazi.

Aliwafundisha kutenga. Inua shavu utazame matamvua: mekundu, huyu mzima, ya kahawia na yana ute, weka kando. Macho yawe yametuna na kung'aa, si yaliyozama wala yaliyofanya ukungu. Bonyeza mgongo kwa kidole, nyama irudi. Shimo likibaki, mwache. Tumbo likiwa limelegea au limepasuka, usijadiliane naye, tupa. Wale wa katikati ya friza ndio walioharibika zaidi. Juma alikuwa akihesabu kwa kuchora vijiti vya mkaa ukutani: wa kutupa walifika 31.

"Hata umeme ungekuwepo," alisema Mama Tenywa, "hawa wa katikati wasingepona. Samaki anataka barafu, kilo kwa kilo, tangu anapotoka majini. Joto la hapa kwetu, asiye na barafu anakuwa na nusu siku tu. Na kuna jambo lingine. Njoo, Mwanaisha, tazama."

Alikuwa amempasua mmoja. Utumbo ulijaa uji mzito wa rangi ya kahawia, ukanuka kama unga uliochacha.

"Hiki ni chakula cha jana. Huyu alilishwa asubuhi, akavuliwa mchana. Wenye vizimba wanaojua kazi humfungisha samaki siku nzima kabla ya kuvua. Tumbo likiwa tupu haliozi upesi. Likiwa limejaa, linaanza kumla mwenyewe kutoka ndani. Na tena hicho chakula ni pesa, mama. Mmekinunua jana, leo mnakikwangua na kukitupa."

Mwanaisha alimpasua wa pili, wa tatu, wa kumi. Wote walikuwa wamejaa.

Ndipo alipofanya jambo ambalo nadhani ndilo lililomtofautisha na watu wengine ambao wangekuwa uani asubuhi ile, wamechoka, mikono imejaa magamba. Alimwambia Juma asihesabu wazuri na wabovu peke yao, bali ahesabu wote. Kisha akaagiza mizani ya kuning'iniza kutoka kwa muuza mkaa, akachukua ndoo ya samaki kumi ambao hawajapasuliwa, akapima. Akapima kumi wengine, na wengine. Kila ndoo iligota karibu na kilo tatu na kidogo. Vijiti vya ukutani vilipokamilika vilikuwa 187. Kilo sitini gawa kwa 187: gramu 320.

"Nusu kilo," alisema Juma. "Si alisema nusu kilo?"

"Nusu kilo wangekuwa mia na ishirini," alisema Mwanaisha.

Hoteli haikuwa imeahirisha. Aliielewa hoteli, alikaa nyuma ya kaunta yake miaka: sahani moja inataka samaki mmoja wa gramu mia nne au zaidi, na mpishi akiletewa wa mia tatu hamwambii mtu arudi Jumatatu. Anamwambia aende kwa wakaangaji.

Kutwa ya Jumamosi ilikwisha katika moshi. Mwanaisha alikataa katakata kumuuzia mtu samaki mbichi kutoka kwenye turubai lile, ingawa wapita njia walishaanza kuulizia bei. Walio bora waligawanywa: wa kukaanga na wa kubanika. Mama Tenywa alitoa nusu pipa lake na wavu wa chuma. Waliwapasua kwa mgongoni, wakawafungua, wakawalaza kwenye maji ya chumvi, wakawaning'iniza mpaka wakauke ngozi kwanza, maana samaki aliyelowa akiwekwa motoni hupikika na kumeguka badala ya kukauka. Kuni zilikuwa za mpera. Moto mdogo, moshi mwingi, saa baada ya saa. Juma alipewa kazi ya kuwageuza na akaunguza nyusi. Paka wa bangalo kubwa alipanda ukuta, akapanda tena akiwa na wenzake watatu. Rehema, aliyeachiwa fimbo ya kuwafukuza, aliwapa majina, na baada ya hapo fimbo haikufanya kazi. Mwenye bangalo alituma mlinzi kuuliza kama nyumba inaungua. Mlinzi aliondoka na samaki wawili wa kukaanga ndani ya gazeti, na swali halikurudi tena.

Mchana Shangazi alijaribu kuokoa chakula cha familia. Aliweka malewa na karanga jikoni, akaenda kushika zamu ya mafuta uani, akaisahau sufuria. Malewa yaliyosafiri kutoka milima ya Elgon yakaungua mpaka chini. Shangazi hakusema kitu. Aliichukua sufuria, akaitazama, akaenda kuketi kwenye kizingiti na kulia kidogo, kwa uchovu na kwa malewa. Mwanaisha aliketi karibu naye akamshika mkono.

"Nisamehe, Shangazi. Nyumba hii nimeifanya mwalo."

"Si samaki," alisema Shangazi akijifuta kwa ukingo wa kanga. "Nakuona unavyopenda. Tangu asubuhi umejaa magamba na sijakuona mchangamfu hivi tangu msiba. Nikikuambia uende ukabandike risiti najiona nakuzika. Nikikuambia utoe pesa za mama yako najiona nakuibia. Ndicho kinachoniliza."

Usiku, watoto wamelala, Mwanaisha alifungua daftari jipya la Rehema ukurasa wa katikati. Karatasi ya Hamisi ilisema kila kizimba kinapandikizwa vifaranga 2,000. Chukulia wanafika 1,800. Kwa nusu kilo hiyo ni kilo 900. Kwa gramu 320 ni kilo 576. Bei ya wakubwa hotelini ni 10,000 kwa kilo, ya wadogo ni 8,000. Chakula, Hamisi mwenyewe alisema, ni 4,500 kwa kilo. Ikiwa siri yake ya kalamu nyekundu ni kweli, kila kilo ya samaki imekula chakula cha shilingi 6,300, na kuna faida. Lakini kiasi halisi cha chakula hakikuwa popote kwenye ile karatasi. Bila namba hiyo, kila kitu kingine kilikuwa hadithi.

Jumapili alipanda boda mpaka Masese kabla ya jua kupanda. Hamisi alimpokea kwa furaha, akamkalisha kwenye mtumbwi, wakapiga makasia hadi vizimbani. Ziwa lilikuwa tulivu na zuri, na sitaki kulipunguzia uzuri wake kwa sababu ya yaliyofuata. Mwanaisha naye hakulipunguzia.

Kijana wa kulisha alikuwa kazini. Alichota ndoo nzima, akaimwaga yote upande mmoja wa kizimba, akahamia kingine. Chembe zilielea, mkondo ukazisukuma, na kabla samaki hawajazimaliza zilikuwa zimekwisha kupita kwenye wavu na kutoka upande wa pili. Huko nje samaki wa ziwani, wasio wa mtu, walikuwa wakizidonoa, na ndege weusi wa majini wamejipanga kwenye maboya wakiwasubiri hao samaki.

"Kila siku ndoo ngapi?" Mwanaisha alimwuliza kijana.

"Mbili kila kizimba, mama. Asubuhi na jioni."

"Tangu wakiwa wadogo?"

"Tangu nimekuja."

Kifaranga hula sehemu kubwa ya uzito wake kwa siku, na kadiri anavyokua sehemu hiyo hupungua ingawa kipimo chenyewe huongezeka. Kwa hiyo mfugaji huvua samaki hamsini hivi kila wiki mbili, huwapima, hukadiria waliomo wote, hurekebisha ndoo. Asubuhi ya mvua na baridi hupunguza au huacha kabisa. Asiyepima humlisha asiyemjua: mwanzo anamwaga chakula kisicholika, mwisho anawanyima walioanza kunenepa.

Ghalani Mwanaisha hakuomba daftari, kwa kuwa halikuwepo. Aliomba mifuko mitupu. Hamisi alikuwa ameitunza, akiiuza kwa wakulima wa mpunga, na ya kizimba kilichovuliwa ilikuwa imefungwa peke yake kwa kamba. Waliihesabu pamoja. Mifuko 58 ya kilo 20. Kilo 1,160 za chakula, kwa kilo 576 za samaki, tena kama 1,800 kweli wamo. Kilo mbili kwa kilo moja. Shilingi 9,000 za chakula ndani ya kila kilo inayouzwa 8,000.

Aliiandika hesabu hiyo kwenye kiganja chake akamwonyesha. Hamisi alikitazama kile kiganja kwa muda.

"Kaka Hamisi, nitakuuliza maswali matatu, na ukinijibu kweli sitakugombeza hata kwa moja. Vilikuwa sita tangu mwanzo?"

"Vilikuwa vinane," alisema. "Msimu wa mvua uliopita ziwa liligeuka. Upepo ulikoroga usiku, maji ya chini yasiyo na hewa yakapanda. Alfajiri niliwakuta wote juu, midomo nje, wanatafuta pumzi. Samaki wa ziwani hukimbia. Wangu wangekimbilia wapi? Viwili vya huku ndani, mahali pasipo na mkondo, vilikufa vyote kabla ya saa tatu."

"Na hoteli?"

"Imewakataa. Ni wadogo."

"Basi la mwisho. Hizi milioni 6 zikiingia mkononi mwako kesho, zinakwenda wapi kwanza?"

Hamisi alikuwa mtu mwema, na hilo lilifanya jibu lake kuwa zito zaidi. Alivua kofia. Akasema muuza chakula anamdai milioni 4 na nusu na amekataa kumpa mfuko hata mmoja mpaka alipwe, na kilichobaki ghalani ni cha siku tisa. Zingekwenda huko. Vizimba viwili vipya vingengoja mavuno.

Kwa hiyo hakukuwa na vizimba vipya vya kununua. Kulikuwa na deni la zamani, na samaki waliodumaa ambao kila siku waliyoongezewa ilikula zaidi ya ilichokuza. Fungu la marehemu mama yake lingeishia kwenye ndoo ya yule kijana.

"Sitoi, kaka," alisema. "Na nakuomba usinichukie. Lakini sikiliza. Vizimba viwili vilivyokaribia umri, vifungishe kesho, vua Jumanne, wapeleke kwa wakaangaji kama walivyo. Usiwangoje wafike nusu kilo, hawafiki kwa chakula hiki. Mlipe muuza chakula kidogo, umwonyeshe uso wako. Vinavyobaki visogeze nje kwenye mkondo. Kijana alishe kwa konzi, polepole, asimwage mpaka aone wanakula. Na kila Jumamosi ya pili upime hamsini."

"Na nani atayaandika yote hayo?"

Hilo lilikuwa swali la kweli, na ndilo lililomchoma moyoni njia yote ya kurudi Nalufenya. Kwa sababu jibu lilikuwa yeye. Kazi ile ilikuwa imemkosa mtu kama yeye tangu siku ya kwanza, na kama angekuwa na pesa ambazo zikipotea watoto hawarudishwi nyumbani, angebaki ghalani asubuhi ileile.

Alitia sahihi barua baada ya magharibi, juu ya meza iliyonuka moshi. Shangazi alimwuliza kama ana hakika. Alisema ana hakika kuhusu mwezi huu na mwaka huu. Mwaka mwingine, Hamisi akiwa na daftari la miezi saba la kumwonyesha, angemsikiliza tena. Shangazi alikubali. Kisha akatangaza kwamba anabeba samaki hamsini wa moshi kwenda nao Mbale kwa bei ileile wanayouziwa majirani, na alitoa pesa palepale. Bei ya undugu aliikataa.

Kabla ya kulala Mwanaisha alimtumia Hamisi pesa zake kwa simu, na nyuma ya pesa ujumbe:

Jumla samaki 187. Wametupwa 31. Wa kukaanga 70 kwa 3,000, ni 210,000. Wa moshi 80 kwa 2,500, ni 200,000. Waliobaki 6, tumekula wanne, wawili kapewa mlinzi. Toa mafuta 40,000, mkaa 25,000, kuni 10,000, chumvi 2,000. Baki yako 333,000.

Hamisi alipiga simu dakika hiyohiyo. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekuwa akilia au aliyetaka kulia. Hakuzungumzia ubia. Alisema kesho anawafungisha wa kizimba cha tatu na cha nne, na kijana ameshaonywa kuhusu ndoo. Kisha akauliza, kama mtu anayejaribu somo jipya, mbona kwenye hesabu ile ujira wa waliofanya kazi haumo.

Mwanaisha alinyamaza. Aliwatazama Mama Tenywa na Juma mwenye nusu nyusi, wamekaa jikoni wakisugua sufuria ya malewa kwa mchanga.

"Umesema kweli," alimwambia. "Pungufu 20,000. Kumi ya Mama Tenywa, kumi ya Juma. Nirudishie sasa hivi, na uiandike."

Pesa zilirudi kabla simu haijakatwa.